Gitaa la Mama: uchambuzi wa zawadi ya ala ya kwanza kwa mtu mzima

Mimi ni mwalimu wa gitaa hapa Dar es Salaam, na wengi wa wanafunzi wangu ni watu wazima. Kisa hiki nilikutana nacho katikati, zawadi ikiwa imeshanunuliwa na mpokeaji ameshaanza kukata tamaa. Familia imeniruhusu kukiandika. Majina nimeyaondoa, mtaa nimeubadilisha, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mhusika nimeyaacha nje. Vipimo na bei ni vya kisa chenyewe.

## Usuli

Mama tunayemzungumzia alikuwa anastaafu utumishi wa umma akiwa na miaka 60. Anaishi upande wa Temeke. Ameimba kwaya ya kanisa kwa miaka mingi, sauti ya pili, na anasoma do-re-mi za kwaya bila kubabaika. Ila redio ya nyumbani kwake ni ya dansi. Anawafuata Msondo Ngoma, bendi iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964 na hivyo ni rika lake, na anawafuata Sikinde, Mlimani Park Orchestra, walioanza mwaka 1978 yeye akiwa msichana. Kila wimbo mzuri ukipigwa alikuwa na neno lake: "Lile gitaa la rizimu, lile linalotembea chini ya solo, ningepata wa kunifundisha!"

Watoto wake watatu, wote watu wazima wenye kazi zao, walilisikia neno hilo kwa miaka. Mama alipokaribia kustaafu wakachanga shilingi 600,000 kwa ajili ya zawadi na hafla ndogo ya kumpongeza. Hakuna hata mmoja kati yao anayepiga ala yoyote.

## Walivyochagua

Mezani palikuwa na mawazo matatu. Binti mkubwa alitaka kinanda, na hoja yake ilikuwa nzito. Kinanda ukibonyeza kinalia sauti sahihi tangu siku ya kwanza, hakiumizi vidole, hakihitaji kutyuniwa, na Mama angeweza kukipeleka kwaya. Kaka yao alitaka gitaa kavu, kwa sababu rafiki yake alimwambia kila mtu huanzia hapo, na la umeme ni la baadaye mtu akishajua. Mdogo wao alitaja gitaa la umeme, kwa kuwa ndilo linalosikika kwenye nyimbo za Mama. Wakamnyamazisha wakisema ni makelele, ni ghali, na litamtisha mama wa miaka 60. Duka moja Kariakoo lilikuwa limempa mdogo huyo bei ya 450,000 kwa gitaa la umeme la kuanzia pamoja na amplifaya ndogo yenye tundu la kuchomeka hedifoni.

Kinanda kiliondolewa na sababu moja tu: Mama hakukitaja hata siku moja. Uamuzi huo naona ulikuwa sahihi. Mtu mzima anayeanza ala hasukumwi na mzazi wala mtihani. Kinachomrudisha kwenye kiti kila jioni ni sauti aliyoitamani, na kinanda, pamoja na urahisi wake wote, hakikuwa na sauti hiyo.

Gitaa kavu likashinda. Walilinunua Kariakoo kwa 280,000, wakaongeza mkoba na mkanda kwa 40,000. Kiasi kilichobaki, 280,000, kiliingia kwenye chakula, turubai na viti vya hafla. Walilichagua gitaa kwa rangi na kung'aa kwake. Muuzaji aliwapigia kidogo, likalia vizuri, wakaridhika. Habari ya mafunzo ilikatwa kwa sentensi moja: Mama atafuata video za mtandaoni, simu anayo.

## Yaliyotokea

Hafla ilifanyika Novemba. Mama alilia kwa furaha, na usiku uleule akawa ameshalipakata. Kwa majuma matatu ya kwanza alijaribu kila siku. Alijifunza umbo la kodi ya E ndogo na ya A, yaani namna ya kushika nyuzi kadhaa zilie pamoja, akavumilia maumivu ya ncha za vidole, kwa sababu kila video ilimwambia maumivu ni ya kawaida na sugu zitaota.

Sugu zilianza kuota, lakini maumivu hayakupungua. Kodi ya C ilikuwa inamchukua nguvu ya mkono mzima, na ya F hakuwahi kuiliza hata mara moja. Kilichomsumbua zaidi ni kwamba hata alipobana sawasawa na kila uzi ukalia, kodi ilisikika imepinda. Alifungua programu ya kutyuni kwenye simu, uzi mmoja mmoja, sindano ikatulia katikati. Akarudi kwenye kodi, ikapinda tena. Ikabidi ajipe jibu mwenyewe: vidole vimezeeka, na sikio nalo limeanza kuondoka. Kufikia Krismasi gitaa lilikuwa limetundikwa ukutani chumbani.

Binti mkubwa aliniletea gitaa lile Januari, pamoja na Mama. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, na kabla hajakaa akaniambia, "Mwalimu, usijisumbue sana. Mimi nadhani nimechelewa." Nilimpa gitaa langu la darasani, kavu pia, lenye nyuzi za chuma pia, nikamwomba ashike ileile E ndogo. Ikalia safi. Akashika A, ikalia. Akanitazama, akalitazama gitaa lake lililokuwa kwenye mkoba. Jaribio hilo ndilo la kwanza kulifanya anayeanza yeyote akisema hawezi, na halihitaji kifaa chochote zaidi ya gitaa la pili linalojulikana kuwa zima.

## Gitaa lilikuwa na nini

Kwanza nilipima kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12, moja ya vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, pale ambapo uzi uko katikati kabisa ya safari yake. Uzi mnene ulikuwa juu ya freti kwa milimita 4.0, mwembamba kwa 3.2. Kwenye gitaa kavu la nyuzi za chuma, anayeanza anahitaji karibu milimita 2.5 kwa uzi mnene na 2 kwa mwembamba. Tofauti ya milimita moja na nusu inaonekana ndogo kwenye rula. Kwenye kidole ni tofauti ya kugusa na kusukuma.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa upande wa pili, kwenye kile kipande cheupe chenye mifereji sita pale shingo inapokutana na kichwa cha gitaa. Mifereji ikiwa haikuchimbwa vya kutosha, nyuzi zinakaa juu mno kwenye freti za kwanza, na hizo ndizo freti ambazo anayeanza anazitumia siku nzima. Namna ya kuijua hali hiyo ni rahisi. Bana uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama nafasi kati ya uzi na freti ya kwanza. Inatakiwa nafasi nyembamba kama karatasi, uione kwa shida. Kwenye gitaa la Mama nafasi ilionekana kutoka upande wa pili wa meza.

Hapo ndipo siri ya kodi zilizopinda ilipokuwa. Uzi ukiwa juu mno, kuubana hadi ufike kwenye freti kunauvuta, na uzi ukivutwa sauti inapanda. Nilityuni nyuzi zikiwa wazi, zote sawa, kisha nikabana freti ya kwanza kwenye uzi mnene. Programu ya simu ikaonyesha sauti imepanda karibu sehemu ya tano ya nafasi ya freti moja. Kwenye kodi moja baadhi ya nyuzi huwa wazi na nyingine zimebanwa, kwa hiyo zilizo wazi zilikuwa sahihi na zilizobanwa zimepanda, kila moja kwa kiasi chake. Kutyuni hakuwezi kutibu hali hiyo hata ukirudia kutwa. Mtu asiye na sikio angeweza asione shida. Mama ameimba sauti ya pili maisha yake yote, anasikia hata kupanda kidogo, na sikio lake lilikuwa linamwambia kweli. Alichokosea ni kudhani aliyepinda ni yeye.

Nilithibitisha kwa kapo, kile kibanio kinachofungwa shingoni. Nikaifunga freti ya kwanza, nikatyuni upya, nikampa. Kapo ikiwa pale, nyuzi zinaanzia kwenye freti yenyewe na kile kipande cha mifereji kinatolewa kazini. Kodi zilezile zikawa nyepesi na zikanyooka. Gitaa likibadilika hivyo kwa kapo, ugonjwa uko kwenye mifereji.

Mengine mawili yalikuwa madogo. Nyuzi zilikuwa za unene wa 12 hadi 53, kwa hesabu ile ya sehemu za elfu za inchi iliyoandikwa kwenye pakiti, na zilishaanza kutu. Hewa yetu ya pwani pamoja na jasho la mikono hazina huruma na chuma. Na shingo ilikuwa imejipinda mbele kidogo. Ukibana uzi mnene freti ya kwanza na ya 14 kwa pamoja, uzi unageuka rula. Nafasi iliyobaki kwenye freti ya saba ilikuwa kama milimita 0.6, wakati 0.2 hadi 0.3 ingetosha.

Hakuna kati ya haya linalomaanisha gitaa lilikuwa bovu au kwamba waliuziwa feki. Mbao zake zilikuwa nzima, daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi usoni, halijang'oka, freti zake sawa. Magitaa mengi ya bei ya chini hutoka kiwandani nyuzi zikiwa juu, kwa sababu nyuzi za juu hazikwaruzi freti, na gitaa lisilokwaruza dukani halirudishwi. Kulishusha ni kazi ya mikono na muda, na bei ya 280,000 haikuwa na nafasi ya kazi hiyo.

## Njia tatu, na tuliyoifuata

Jirani alishauri wafunge nyuzi za nailoni, kwa kuwa ni laini. Ushauri huo unatembea sana mitaani, nami niliukataa. Gitaa lililojengwa kwa chuma lina uso mzito, na nailoni haivuti hata karibu na nguvu ile, hivyo sauti ingetoka imefifia, na mifereji isiyochimbwa vya kutosha ingebaki palepale. Angalau haivunji kitu. Kinyume chake ndicho cha kuogopa: kufunga chuma kwenye gitaa la nailoni. Seti ya 12 hadi 53 iliyotyuniwa inavuta kwa zaidi ya kilo 70, nailoni karibu nusu ya hizo, na gitaa la nailoni likifungwa chuma daraja lake linaweza kung'oka.

Njia ya pili ilikuwa kuliuza na kununua la umeme. Ndiyo niliyoipenda kwa muziki wa Mama, lakini hela ilikuwa imekwisha, na kuuza gitaa la mkononi kungechukua majuma. Anayeanza na amekwisha kukata tamaa hana majuma ya kusubiri. Tukachagua kulipeleka kwa fundi, kisha mafunzo, na la umeme libaki kuwa hatua ya mbele endapo Mama ataendelea.

Fundi alichukua siku tatu, na mpangilio wake unafaa kuelezwa kwa sababu ukigeuzwa unaharibu. Alianza kwa kufunga nyuzi mpya nyepesi, 10 hadi 47, akazityuni na kuliacha gitaa lilale. Nyuzi nyepesi huvuta kidogo, na shingo yenyewe ikarudi nyuma kiasi. Kesho yake ndipo alipokaza chuma cha ndani ya shingo kwa alenki, robo mzunguko, akapima, akangoja. Shingo ilipokaa sawa, uzi mnene ulikuwa umeshuka kidogo bila kuguswa kwingine. Akaingia kwenye mifereji kwa tupa nyembamba, mmoja baada ya mwingine, akisimama mapema, kwa maana mfereji ukizidishwa uzi unakwaruza freti ya kwanza na dawa yake ni kubadilisha kipande kizima.

Mwisho alishusha kile kijiti cheupe kilichosimama juu ya daraja. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo ukitaka kushusha milimita moja pale, unasaga mbili kwenye kijiti. Baada ya kazi ya mifereji uzi mnene ulikuwa milimita 3.7, na kutoka hapo hadi 2.5 alihitaji kusaga 2.4. Kijiti kilichomoza juu ya daraja kwa 3.5 tu. Angesaga zote kingebaki 1.1, na kijiti kikiwa kifupi hivyo uzi haukikandamizi vya kutosha, sauti inalegea. Alisaga 2.0 kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo ili chini pabaki bapa, akakomea hapo. Gitaa likatoka na milimita 2.7. Hapakuwa na namna ya kwenda chini zaidi bila kuligusa daraja, na gitaa la bei ile halikustahili gharama hiyo.

Fundi na nyuzi vilikula 55,000.

## Mafunzo

Tulikubaliana somo moja kwa juma, saa moja, 20,000, kwa miezi miwili. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo wapo, na wanaotaka kusomea muziki kwa cheti nawaelekeza huko. Mama hakutafuta cheti. Alihitaji mtu wa kumshika mkono karibu na kwake.

Sikumfundisha kwa mpangilio wa vitabu vya wanaoanza, ambao huanza na kodi kubwa za nyuzi sita na kukupeleka mbio kwenye F ya kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja. Mpigaji wa rizimu wa dansi mara nyingi hashiki nyuzi zote sita. Anashika mbili au tatu nyembamba, juu kidogo ya shingo, na mkono wa kulia ndio unaosema. Kwa hiyo somo la kwanza lote lilikuwa mkono wa kulia, nyuzi zimezibwa kwa kiganja cha kushoto, piki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, ikitembea chini juu bila kukatika huku redio ikipiga. Mama alilipata ndani ya dakika kumi, maana mdundo huo anao mwilini tangu ujana.

Somo la pili tulifunga kapo freti ya tatu. Freti zinavyopanda kuelekea mwilini zinakaribiana, vidole havitanuki sana, na nyuzi pale zinakubali kubanwa kwa wepesi. Akajifunza kodi tatu za nyuzi tatu tatu. Na hapa kwaya ilimsaidia kuliko nilivyotegemea. Nilimwambia kodi hizi zinasimama juu ya do, fa na so. Tangu hapo hakuniuliza tena kodi ipi inafuata, aliisikia. Wimbo ukitaka kurudi nyumbani anasema "do", vidole vinafuata. Mwanafunzi wa miaka 20 asiyewahi kuimba huchukua miezi kufika hapo.

Mazoezi yalikuwa dakika 15 asubuhi na 15 jioni. Kidole gumba cha kushoto kilianza kumuuma alipozidisha, kwa sababu alikuwa anakibana nyuma ya shingo kama anafunga kifuniko. Tulikilegeza, na tukaweka kanuni ya kusimama mara tu kinapoanza kuchoka. Maumivu ya ncha za vidole yanavumilika na yanakwisha. Maumivu ya gumba, kiganja au kifundo ni ishara ya kushika vibaya au kuzidisha, na kuyavumilia kunaleta jeraha.

## Matokeo

Mwisho wa miezi miwili Mama alikuwa anapiga rizimu ya nyimbo tatu za dansi tangu mwanzo hadi mwisho, redio ikiwa imewashwa, bila kupotea. Kodi ya F kamili hajaipata hadi leo, wala hatujaitafuta. Gitaa limeshuka ukutani na linakaa kwenye kiti sebuleni. Nililipendekeza hapo kwa sababu mbili: ala iliyo machoni inapigwa, na ukuta wa nje wa chumba chake ulikuwa unapata unyevu.

Masika ya Aprili ilileta mtihani mdogo. Mbao zilivimba kwa unyevu, uso wa gitaa ukapanda, na nyuzi zikapanda nao hadi karibu milimita 3.0. Mama alihisi mabadiliko kabla sijapima. Fundi alikataa kusaga chochote, na alikuwa sahihi. Kijiti kilichosagwa masika kinakuwa kifupi kiangazi, na nyuzi zinaanza kukwaruza. Kipupwe kilipoingia zilishuka zenyewe.

## Uchambuzi

Ukijumlisha, gitaa lilikuwa 280,000, fundi na nyuzi 55,000, masomo manane 160,000. Jumla 495,000. Kiasi hicho kilikuwemo kwenye 600,000 ya mwanzo, na hata mkoba na mkanda wa 40,000 vingeingia. Familia haikukosa hela ya zawadi iliyokamilika. Waliihesabu zawadi kuwa ni kile kitu cha kushika tu, na mengine yakaonekana ya ziada. Mimi siwalaumu kwa turubai na pilau, mzazi kustaafu ni jambo la kushukuriwa mbele za watu. Ila fungu la fundi na la masomo yangetengwa kwanza, ndipo hafla ipangwe kwa kinachobaki, Mama asingepoteza miezi miwili akiamini amezeeka. Kwa kipimo cha kuanzia, familia zinazoniuliza huwa naziambia nusu ya hela iende kwenye ala, nusu kwenye kuiweka sawa na masomo ya miezi miwili.

Dukani wangeweza kujikinga bila kujua kupiga hata kodi moja. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, na kadi bapa zisizo na herufi zilizovimba zinatosha kuwa kipimo. Panga kadi tatu, zipitishe kwa ukingo chini ya uzi mnene kwenye freti ya 12. Tatu ni kama milimita 2.3, na zinatakiwa kupita. Ya nne ikiongezwa inatakiwa kuugusa uzi. Zikipita tano bila kuugusa, na kwenye gitaa la Mama zingepita, basi mwombe muuzaji akuletee lingine la aina ileile, kwa sababu magitaa mawili ya kiwanda kimoja hayakai sawa, au ukubali kuwa fundi ni sehemu ya bei. Halafu fanya lile jaribio la kubana freti ya tatu na kutazama ya kwanza. Muuzaji akikupigia usisikilize uhodari wake. Yeye ana vidole vya miaka, hata gitaa gumu linamtii. Mpe akae mtu asiyejua, abane uzi mnene freti ya kwanza kwa kidole kimoja.

Uamuzi wa "kavu kwanza, umeme baadaye" ndio ninaoupinga zaidi. Gitaa la umeme lina nyuzi nyembamba, 9 au 10, zinazokaa chini zaidi, na shingo nyembamba. Kwa vidole vya mtu wa miaka 60 ni jepesi kuliko kavu, na kwa hedifoni halisumbui jirani. Wanaotaka kupiga nyimbo za kuimbia wenyewe barazani, au mapambio, wanaanza vizuri na kavu. Anayetaka rizimu ya Sikinde anaanza na la umeme, kwa kuwa ndilo linalotoa sauti ile. Mdogo wao alikuwa amesikia vizuri kuliko wakubwa wake. Mama hakusema "gitaa" peke yake, alisema lipi na linafanya nini ndani ya wimbo. Ugumu wa pendekezo lake ulikuwa kwenye hesabu, na kwa kweli ulikuwa mkubwa: 450,000 na masomo 160,000 vingefika 610,000, bila hafla wala fundi. Lingewezekana tu kama wangekubali kuongeza mchango au kuanza na masomo ya mwezi mmoja.

Jambo la mwisho ni ule mshangao. Zawadi iliyofichwa hadi siku ya hafla ina utamu wake, lakini ala ya muziki ina vipimo vya mwili. Upana wa shingo, ukubwa wa tumbo la gitaa chini ya kwapa, uzito begani, yote yanategemea anayeipakata. Familia nyingine niliyoishauri baadaye walimfungia baba yao kapo, piki na mkanda kwenye kiboksi, wakamkabidhi mbele ya wageni, na Jumamosi iliyofuata wakaenda naye dukani wakiwa na hela yote mfukoni. Shangwe ilikuwa ileile, na aliyebana freti ya kwanza dukani alikuwa yeye mwenyewe.

Watoto wa Mama wameanza kuchanga tena, polepole, kwa ajili ya la umeme. Safari hii yeye ndiye anayezunguka madukani, akiwa na kadi zake tatu mkobani.